Kiapo Kisichoulizwa Swali

Mimi nilikuwa najua sheria. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililomponza Matonya, na ndilo lililonifanya leo nikiona zizi tupu nageuza uso.

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa karani na mkalimani katika mahakama ya Waingereza Mombasa. Niliwaona mawakili wa Kizungu, Wahindi na Waparsi, nikawatafsiria mashahidi wa kila kabila, na nikazoea kazi ile hata nikaanza kuona kwamba mimi ndiye wakili, wao wanavaa joho tu. Reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilipofika Dodoma nikahama na mke wangu Sikuzani, ambaye ana ndugu hapa mjini. Nikaweka meza barazani pa duka moja, nikawa nawaandikia watu barua na mashtaka. Waliniita Halfani wa Mombasa, na sikuwakataza.

Wadachi niliwadharau. Nilisema mbele ya yeyote aliyesikiliza kwamba hawa hawana mahakama, wana boma na kiboko. Kuhusu kiboko nilikuwa sahihi. Kuhusu mahakama nilikuwa mpumbavu, na upumbavu wa mtu aliyesoma hauna dawa, maana hujiona ndiyo dawa yenyewe.

Matonya alikuja kwangu mwaka wa elfu moja mia tisa na kumi na tatu, baada ya mvua kukataa kwa msimu wa pili. Alikuwa Mgogo wa upande wa Bahi, mrefu, mtaratibu. Alikaa chini ingawa nilimpa kigoda.

"Mbukwa, bwana," alisema.

"Mbukwa, ndugu yangu. Sema shida yako."

Shida yake ilikuwa ng'ombe kumi na tisa. Kiangazi kile kikali maji yalikauka kwao, na Mgiriki mmoja, Bwana Kosta, aliyekuwa akiwauzia nyama na maziwa watu wa reli, alikuwa na kisima kirefu na zizi la miti karibu na njia ya treni. Wakakubaliana kwa maneno. Kosta atawanywesha na kuwachunga, maziwa na ndama dume ni wake, na mvua zikinyesha ng'ombe watarudi kwa Matonya. Kwa Wagogo jambo hilo ni la kawaida kabisa, mtu kuweka mifugo yake kwa mwenzake. Kosta alimpa pia magunia mawili ya mtama na doti za nguo, akasema ni za kumsaidia na njaa. Mvua ziliponyesha kidogo Matonya akaenda kuchukua mali yake, Kosta akamwambia, "Mali gani? Nimeinunua. Umekula mtama wangu, umevaa nguo zangu."

"Wote kumi na tisa ni wako?" nilimwuliza.

"Wangu ni wanane. Kumi na mmoja ni wa baba mkwe wangu, Mzee Sila. Aliniwekea mimi."

Hapo ndipo palipokuwa na moto. Mtu akipoteza ng'ombe wake amekuwa maskini, na maskini wapo wengi. Akipoteza ng'ombe alioaminiwa, amekuwa mwizi. Mzee Sila angeweza kumchukua binti yake Anyesi na watoto, na hakuna ambaye angemlaumu. Matonya hakuyasema hayo kwa machozi. Aliyasema kama mtu anavyosema njia ya kwenda mahali.

"Alikuwepo mtu mlipokubaliana?"

"Alikuwepo Bartolomayo wa Mvumi, fundi seremala. Alikuwa akitengeneza hori la maji. Alisikia yote."

Kama kesi ingekuwa ya Mgogo na Mgogo, ingeamuliwa bomani na Bwana Shauri, yule Mdachi wa mashauri ya wenyeji, akiwasikiliza wazee na desturi zao. Lakini Mgiriki ni Mzungu, na Mzungu hushtakiwa mbele ya hakimu wa Wazungu, aliyekuwa akija kwa treni kutoka pwani mara chache kwa mwaka, kwa sheria iliyo katika vitabu vyao. Niliandika mashtaka kurasa nne. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona kwamba hatimaye Dodoma imepata kesi inayonifaa.

Nikaenda Mvumi kumwona Bartolomayo. Nilimkuta akipiga randa mbao za misheni. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kigugumizi. Nilipomwuliza alichokisikia, aliweka randa chini, akafikiri muda mrefu hata nikadhani amesahau swali.

"A-alisema, nitawatunza," alijibu mwishowe. "Mvua ikija, uje uwachukue. Matonya akasema, sawa. Ndiyo hivyo."

"Una hakika hakusema nitawanunua?"

Akafikiri tena. "S-sikusikia neno la kununua."

Nilimwangalia, nikaona Mombasa. Niliona wakili akimsimamia shahidi kama huyu. Umesikia vizuri ukiwa unapiga nyundo? Ulikuwa umbali gani? Unasema hukusikia, basi huenda lilisemwa hukulisikia? Nimewaona watu wakweli kuliko Bartolomayo wakitoka kizimbani wamekuwa waongo kwa sababu ya maswali ishirini ya haraka. Kule shahidi ni wa upande uliomleta, na upande wa pili kazi yao ni kumrarua, na hakimu amekaa juu akiangalia nani amebaki amesimama. Nilisema moyoni, huyu ataniharibia kesi.

"Wewe baki hapa," nilimwambia. "Tukikuhitaji tutakuita."

"Lakini ni-nilisikia," alisema.

"Najua ulisikia. Sheria si kusikia tu."

Maneno hayo niliyatamka mimi, kwa kinywa changu.

Mpango wangu ulikuwa na miguu miwili. Mguu wa kwanza ulikuwa hukumu ya zamani. Kule Mombasa sehemu kubwa ya sheria haikai katika kitabu kimoja. Inakaa katika kesi zilizopita, na kazi ya wakili ni kutafuta kesi iliyo pacha wa kesi yako, amwambie hakimu, mwenzako aliamua hivi, nawe huwezi kuamua vingine. Mimi nilikuwa na pacha huyo. Miaka miwili nyuma Bwana Shauri wa hapa hapa alimwamuru Shaaban, mchuuzi wa ngozi, arudishe mbuzi alioaminiwa kuwatunza, ingawa alikuwa amempa mwenye mbuzi chumvi na nguo. Nilipata nakala ya hukumu yenye mhuri.

Mguu wa pili nilipewa na Rajabu, karani wa boma. Siku moja aliniambia kwamba katika mahakama ya Wazungu mdai hawezi kuwa shahidi wa kesi yake mwenyewe, wala mdaiwa, lakini unaweza kumtaka mwenzio aape juu ya jambo mnalobishania.

"Aape, mbele ya hakimu?" nilimwuliza.

"Ndiyo, mkono juu. Lakini Halfani, kiapo chao hicho..."

"Basi, basi. Imetosha."

Imetosha! Rajabu alikuwa na neno la kuongeza na mimi nikamkatiza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwona Kosta kizimbani. Kwetu kule mtu akiapa ndipo kazi inaanza. Kiapo kinamweka wazi, unamwuliza unavyotaka, na uongo wa Kosta ulikuwa na matundu mengi. Nani ananunua ng'ombe kumi na tisa kwa magunia mawili? Mbona ndama dume tu ndio aliowachinja? Niliandika maswali arobaini na mawili. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na mimi nilikuwa na akili nyingi mwaka ule.

Hakimu alikuja mwezi wa sita. Kesi ilisikilizwa katika chumba kimoja cha boma, meza ndefu, hakimu katikati, na Wazungu wawili wa kuketi naye pande zote mbili, mmoja fundi mkuu wa reli, mwingine mwenye shamba. Hakimu alikuwa kijana, na Kiswahili chake alikisoma Ulaya, kikavu lakini safi. Aliniruhusu nimsemee Matonya. Kosta alikuja peke yake, amevaa koti jeusi kwenye jua lile.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni ukimya. Hakuna aliyesimama kuhutubia. Hakimu alikuwa na faili, na ndani ya faili kulikuwa na kila kitu, mashtaka yangu, majibu ya Kosta, barua zote. Alikuwa amelisoma. Akaanza kuuliza mwenyewe, polepole, huyu kisha huyu, na karani wake akiandika. Matonya alipochelewa kujibu, hakimu alingoja. Alipokosa neno la Kiswahili, hakimu alimwambia aseme Kigogo, akamwita mkalimani. Ningalikuwa na macho siku ile ningaliona. Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu.

Nikatoa hukumu ya Shaaban. Hakimu aliisoma yote, akairudisha kwangu kwa adabu.

"Hii iliwafunga Shaaban na mwenye mbuzi," alisema. "Mimi hainifungi."

"Lakini bwana hakimu, kesi ni ile ile. Ni boma hili hili."

"Hata ingekuwa hukumu yangu mwenyewe. Wale walihukumiwa kwa desturi zao. Mbele yangu sheria ni hii." Aliweka kiganja juu ya kitabu kinene. "Hukumu ya mahakama kubwa naisoma kwa heshima, nione walivyoielewa sheria. Lakini sianzi na mbuzi wa Shaaban. Naanza na kifungu, kisha nauliza kama jambo lenu linaingia ndani yake."

Akanisomea kifungu chenyewe, akikitafsiri. Mwenye kukishika kitu hudhaniwa kuwa ndiye mwenyewe, mpaka mwingine athibitishe kinyume. Ng'ombe walikuwa zizini mwa Kosta. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wetu.

"Mnathibitisha kwa nini?" aliuliza. "Mna mashahidi?"

Matonya alinigeukia. Aliniambia chini chini, "Bartolomayo."

"Nyamaza," nilimwambia. Kisha kwa sauti, "Namtaka Bwana Kosta aape, bwana hakimu. Aape kwamba hakukubali kuwatunza ng'ombe hawa."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Unataka jambo hili liamuliwe kwa kiapo chake?"

"Ndiyo, bwana hakimu."

"Hakuna ushahidi mwingine? Shahidi, maandishi?"

"Hakuna."

"Nakuuliza tena, kwa sababu ni wajibu wangu kuuliza. Hakuna mtu aliyekuwepo?"

"Hatumtegemei mtu mwingine, bwana hakimu. Kiapo chake kinatutosha."

Aliniambia wazi. Neno alilotumia lilikuwa kuamuliwa, wala si kusikilizwa, na Kiswahili ni lugha yangu, si yake. Lakini masikio yangu yalikuwa bado Mombasa.

Akamwuliza Kosta kama anakubali kuapa. Kosta alisema anakubali. Hakimu akaandika maneno ya kiapo kwenye karatasi, akatusomea sisi sote, akatuuliza kama tunakubaliana kwamba haya ndiyo maneno na kwamba kesi inasimama juu yake. Nikasema tunakubaliana. Akamwonya Kosta juu ya Mungu na juu ya kifungo cha anayeapa uongo. Wote wakasimama.

Kosta aliinua mkono wa kulia. Jasho lilikuwa likimtiririka kutoka kwenye nywele. Aliapa kwa Mungu Mwenyezi Ajuaye Yote kwamba hakukubali kuwatunza ng'ombe kumi na tisa wa Matonya, bali aliwanunua, na Mungu amsaidie. Kisha akajipigia msalaba, akaketi, akatazama sakafu.

Nilifurahi. Nilimwona ameingia mtegoni. Nikasimama na karatasi zangu.

"Bwana Kosta," nilisema, "gunia moja la mtama mwaka jana lilikuwa bei gani?"

Hakimu alinitazama. "Unafanya nini?"

"Namwuliza maswali, bwana hakimu. Ameapa."

"Ameapa," alisema hakimu. "Basi imekwisha."

Sikuelewa. Nilimwambia kwamba nina maswali arobaini na mawili, kwamba mtu huyu anasema uongo na nitauonyesha. Hakimu hakukasirika, na laiti angalikasirika. Alinieleza kama mtu anavyomweleza mwanafunzi ambaye si mbaya lakini hakusikiliza.

"Wewe mwenyewe uliliweka jambo katika kiapo chake. Angekataa kuapa, ningeandika kwamba maneno yako ni kweli, na ng'ombe wangerudi leo. Ameapa, na kwa sheria yetu kiapo hicho ni uthibitisho kamili. Mimi mwenyewe hata nisipomwamini, sina ruhusa ya kutomwamini. Kinaweza kuvunjwa tu akihukumiwa na mahakama ya jinai kwamba aliapa uongo."

"Kule Mombasa mtu akiapa ndipo anapoulizwa."

"Kule kiapo kinafungua maswali. Hapa kinayafunga." Akakusanya karatasi. "Maswali huulizwa mashahidi, na nayauliza mimi."

"Shahidi wetu ni mtu dhaifu," nilisema. Yalinitoka hivyo tu. "Ana kigugumizi."

Yule fundi mkuu wa reli alikuwa akijua Kiswahili, akaacha kuchezea saa yake.

"Una shahidi?" alisema hakimu.

Matonya ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Yupo nje. Nilimwita mimi. Ametembea kutoka Mvumi."

Alikuwepo kweli. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona Bartolomayo amekaa ukutani kwenye kivuli chembamba, kofia magotini, amevaa shati lake la kanisani. Alikuwa ametembea siku nzima na nusu kwa sababu alisikia, na kwa maoni yake aliyesikia anapaswa kusema.

Hakimu alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Watu wenu hatuwaapishi, lakini nawasikiliza, na kuwapima ni kazi yangu. Ningemwuliza polepole. Hakuna ambaye angeruhusiwa kumfokea. Kama ungemtaja, ningemsikiliza yeye kwanza, na kiapo kingebaki akiba, cha kutumiwa iwapo yeye hakutosha. Nilikuuliza mara mbili."

"Msikilize sasa, bwana hakimu."

"Sasa siwezi. Kitu kilichothibitishwa kwa kiapo hakithibitishwi tena kinyume."

Akasoma hukumu. Madai yametupwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kosta alitoka haraka bila kumtazama mtu, na Bartolomayo alipomwona akasimama na kuvua kofia ambayo haikuwa kichwani, akaichukua kutoka chini, akachanganyikiwa. Kisha akaniuliza mimi, "N-niingie sasa?"

Nimewahi kufikiria kumshtaki Kosta kwa kiapo cha uongo. Nilikwenda kwa Rajabu, naye safari hii nilimwacha amalize. Alisema mashtaka ya jinai hufunguliwa na serikali, na serikali itataka kuona ushahidi, nao ni neno la fundi mmoja mweusi asiyeapishwa dhidi ya Mzungu aliyeapa. "Kabla ya kiapo neno lake lilikuwa na uzito," alisema Rajabu. "Baada yake ni nani atakayelibeba?" Akaongeza kwamba hilo ndilo alilotaka kuniambia siku ile. Hakulisema kwa kunicheka. Watu wote katika jambo hili walinitendea kwa upole, na nimewachukia wote kwa hilo.

Sisemi kwamba sheria ya Waingereza ni njema kuliko ya Wadachi, wala kinyume chake. Nimeona watu wakiporwa kwa hii na kwa ile. Kule unapokonywa na maswali, huku unapokonywa na faili na kiapo. Zote mbili zilikuja na meli, na hakuna hata moja iliyomwuliza Mgogo anavyoweka ng'ombe kwa mwenzake. Lakini katika kesi hii sheria ya Wadachi ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi, na aliyeufunga si Mdachi.

Matonya hakunilaumu. Aliniomba jambo moja tu, niende naye kwa Mzee Sila nimweleze, kwa sababu yeye mwenyewe hakuelewa kilichotokea na aliogopa kuonekana anaficha. Nilitaka kukataa. Nikaenda.

Tulimkuta mzee uani kwake na wanawe wawili. Anyesi alikuwa amekaa mlangoni na mtoto mgongoni, na vitu vyake, vibuyu na mkeka, vilikuwa vimekwisha kuletwa kutoka kwa Matonya. Nilimwamkia mzee, nikaeleza. Nilieleza kitabu cha Wadachi, kifungu cha anayeshika kitu, hukumu ya Shaaban isiyofunga, kiapo kinachokata maneno. Nilieleza na Mombasa. Nilisema vizuri, kwa mpango, nami najua kusema. Mzee Sila alisikiliza yote bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza kwa Kigogo, na Matonya akanitafsiria.

"Anauliza, hakukuwa na mtu aliyesikia mapatano?"

"Alikuwepo," nilisema.

Mzee akauliza tena.

"Anauliza, mtu huyo alisema nini mbele ya hakimu?"

Anyesi aliinua uso akanitazama.

"Mwambie hakusema kitu," nilijibu. "Mwambie mimi ndiye niliyemkataza."

Matonya hakutafsiri. Alikaa akitazama mikono yake, na mzee akawa anangoja.